Mkate, Jemu na Thamosi kwa Bei Moja: VAT Iko Wapi?

Juni 2024 Wakenya walijifunza kwa haraka kwamba mkate una kiwango chake cha kodi. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulitaka mkate wa kawaida utozwe VAT ya asilimia 16, watu wakapiga kelele, na pendekezo hilo likaondolewa hata kabla muswada wenyewe haujatupwa. Mkate ukabaki pale ulipokuwa, kwenye kiwango cha sifuri. Mteja anayenunua mkate peke yake hana la kuhesabu. Kazi huanza pale mwenye duka anapoufunga pamoja na bidhaa inayotozwa asilimia 16, akabandika bei moja juu ya furushi zima.

Tuseme ni duka la Nairobi linalotaka kuuza kifurushi cha staftahi. Ndani yake mna mikate miwili, chupa ya jemu na thamosi ya chai. Kwenye rafu, mikate hiyo miwili ni shilingi 140, jemu ni 280 na thamosi ni 980. Jumla 1,400. Kifurushi kinauzwa 1,120, na mteja anaona amepata nafuu ya shilingi 280, kana kwamba jemu ni ya bure. Jemu na thamosi zina VAT ya asilimia 16, mkate hauna. Sasa kati ya hizo shilingi 1,120, ngapi ni za mkate?

Hakuna aliyezitaja. Mteja hakulipia mkate kando, wala keshia hakumwuliza. Lakini kodi haiwezi kujulikana mpaka bei hiyo moja igawanywe, na kila shilingi inayohamia upande wa mkate inatoka kwenye kodi. Ndiyo maana suala hili, linaloonekana la karani tu, hufika mahakamani.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni ya kufuata bei za rafu. Kifurushi kinauzwa 1,120 badala ya 1,400, yaani asilimia 80 ya bei ya kawaida. Basi kila kilichomo nacho kichukue asilimia 80 ya bei yake: mkate 112, jemu 224, thamosi 784. Punguzo limewagawia wote kwa haki, hakuna aliyependelewa. Sehemu yenye kodi ni 224 na 784, jumla 1,008.

Hapa ndipo watu hujikwaa. Ile 1,008 tayari ina VAT ndani yake, kama zilivyo bei zote za rafu, kwa hiyo haizidishwi kwa asilimia 16. Igawanye kwa 116, kisha zidisha kwa 16. Inatoka shilingi 139.03. Ukizidisha moja kwa moja kwa asilimia 16 utapata zaidi ya 161, na hiyo ziada itatoka mfukoni mwa duka, maana mteja keshalipa na kuondoka.

Linganisha na duka ambalo halikutaka kusumbuka, likakihesabu kifurushi kizima kama bidhaa ya asilimia 16. Hilo litalipa 154.48. Tofauti ni shilingi kumi na tano na senti kwa kifurushi, na kwa vifurushi 300 ni zaidi ya 4,600 zilizolipwa bure. Duka jingine likikiita kifurushi kizima mkate, halitalipa chochote, mpaka siku mkaguzi atakapofungua kimoja na kuona thamosi.

Sasa aje mhasibu mjanja. Anasema bei za rafu ni za kubuni tu, kitu halisi ni gharama: tugawe kulingana na bei tuliyonunulia. Kwa mgawo kama huu, gharama nazo huhesabiwa pamoja na VAT, kwa kuwa 1,120 ina VAT ndani. Mikate miwili duka liliinunua kwa 124, jemu kwa 203, thamosi kwa 473. Jumla 800. Mkate ni asilimia 15.5 ya gharama hiyo, hivyo uchukue asilimia 15.5 ya 1,120. Inakuwa 173.60. Sehemu yenye kodi inashuka hadi 946.40, na VAT inashuka hadi 130.54.

Hesabu yenyewe haina kosa la kujumlisha. Lakini itazame ile 173.60. Mikate hiyo hiyo, kwenye rafu hiyo hiyo, mtu akiichukua bila thamosi analipa 140. Akiichukua ndani ya kifurushi cha punguzo, eti amelipa zaidi. Sababu yake ni kwamba faida ya mkate ni ndogo sana na ya thamosi ni kubwa. Ukigawa kwa gharama, faida nono ya thamosi inamwagikia upande wa mkate, na huko haina kodi.

Mchezo huu ndio uliozifikisha kampuni za Ujerumani mbele ya Mahakama Kuu ya Fedha ya nchi hiyo, iliyoko Munich. Zilikuwa zikiendesha migahawa ya chakula cha haraka. Mteja huchukua baga, chipsi na kinywaji kwa bei moja, nafuu kuliko akinunua kimoja kimoja, akaenda navyo. Chakula cha kuchukua kilitozwa asilimia 7, kinywaji asilimia 19. Soda humgharimu mwenye mgahawa pesa kidogo sana ukilinganisha na anavyoiuza. Baga ina nyama, mkate na vikorombwezo vyake. Migahawa ilipogawa bei kwa gharama za chakula na vifungashio, sehemu ya soda ilisinyaa na ya baga ikafura. Ofisi ya kodi ikakataa. Mahakama ya chini ikazipa kampuni ushindi.

Tarehe 22 Januari 2025 mahakama ya juu ilibatilisha uamuzi huo. Haikusema gharama ni msingi haramu. Mfanyabiashara anaweza kutumia njia nyingine ikiwa inafaa kama ile ya bei za kuuzia. Ilichosema ni kwamba njia inayotoa baga ya ndani ya kifurushi ikiwa ghali kuliko baga inayouzwa peke yake haifuati uhalisia wa biashara, kwa sababu hakuna anayenunua kifurushi cha punguzo ili alipe zaidi kwa kilichomo. Mimi naona hoja hiyo haina jibu. Na ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia akiwa na kalamu tu: chukua fungu la kila bidhaa, lilinganishe na bei ya rafu ya siku ile. Likizidi, mgawo umepinda. Uamuzi huo haulifungi duka la Nairobi, lakini swali lake linaulizika popote, na mkaguzi makini ataanzia hapo.

Gharama zina mahali pake, hata hivyo. Kuna kapu la sikukuu ambalo ndani mna kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kapu hilo tu, tuseme bakuli lenye nembo ya duka. Bakuli hilo halina bei ya rafu. Huna budi kulikadiria kwa gharama pamoja na faida ya kawaida ya bidhaa za aina yake, kisha uandike umelikadiriaje.

Kabla ya kugawa chochote, kuna swali linalotangulia: je, kweli ni vitu viwili? Mwaka 1999 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya kampuni ya Uingereza, Card Protection Plan, iliyouza huduma ya kuwalinda wenye kadi za benki zikipotea. Kutokana na kesi hiyo ilibaki kanuni inayotajwa mpaka leo: kwa kawaida kila kitu kinachouzwa husimama peke yake, lakini kile ambacho mteja hakitafuti kwa ajili yake chenyewe, bali kinamsaidia tu kukifaidi kile kikuu, hufuata kodi ya kikuu. Mfuko wa plastiki unaofunika mkate haugawiwi fungu. Thamosi ni kitu kingine: itatumika miaka baada ya mkate kuliwa, na kuna mteja aliyechukua kifurushi kwa ajili yake. Kapu la ukindu lililofumwa vizuri liko katikati, na hapo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana.

Wahindi waliona ugomvi huu wote wakaukata kwa panga. Sheria yao ya kodi ya bidhaa na huduma, iliyoanza Julai 2017, inasema kifurushi cha vitu visivyotegemeana kikiuzwa kwa bei moja, kizima kinatozwa kiwango cha kile kilicho juu kuliko vyote. Sheria yenyewe inatoa mfano wa kifurushi chenye vyakula vya kopo, peremende, chokoleti, keki, matunda makavu, soda na juisi. Hakuna kugawa, hakuna kubishana. Ila soda moja inatosha kupandisha kodi ya kila kilichomo, na muuzaji asiyetaka hilo anabaki na dawa moja: avitenganishe na kuandika bei ya kila kimoja.

Tukirudi Kenya, makosa mengi hayatokani na ujanja, hutokana na mashine. Mfumo wa risiti wa eTIMS hutaka kila bidhaa iwe na herufi moja ya kodi: `B` ni asilimia 16, `C` ni sifuri, `A` ni zile zilizosamehewa. Ukikisajili kifurushi kama bidhaa moja, utalazimika kukipa herufi moja, na herufi yoyote utakayochagua itakuwa ya uongo kwa baadhi ya vilivyomo. Njia salama ni kukivunja kwenye mashine: mkate 112 chini ya `C`, jemu 224 na thamosi 784 chini ya `B`, jumla ile ile 1,120. Bei za rafu za siku hiyo zihifadhiwe, hata kwa picha ya simu, kwa sababu jemu ikipanda bei katikati ya mwezi mgawo mzima unabadilika.

Ile herufi `A` ina mtego wake. Bidhaa iliyosamehewa haina VAT kwa mteja, sawa na ya sifuri, lakini muuzaji wa bidhaa ya sifuri anaweza kudai VAT aliyolipa kwenye matumizi yake, na wa iliyosamehewa hawezi. Kwa hiyo ukikuza fungu la bidhaa iliyosamehewa ili ukwepe kodi upande wa mauzo, unajipunguzia haki ya kudai upande wa manunuzi.

Halafu kuna mteja anayerudi na thamosi isiyoshika joto, anataka arudishiwe pesa. Bei ya rafu ni 980, na keshia mpya atamhesabia 980. Akifanya hivyo, mteja amebaki na mikate miwili na jemu nzima kwa shilingi 140. Fungu la thamosi lilikuwa 784, na ndizo anazorudishiwa. Hati ya marejesho inaandikwa kwa kiasi hicho, na VAT ya duka inapungua kwa 108.14.