Saba Isiyotosha: Kusoma Hati ya IELTS na Kupanga Kurudia

Mwaka 2021, baada ya Kenya kukubaliana na Uingereza kuhusu ajira za wauguzi, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Watu wakacheka, wakauliza wauguzi hao walisoma wapi. Swali lenye maana zaidi, la walianguka kwa alama ngapi na katika sehemu ipi, halikuulizwa sana. Katika mitihani ya aina hii mtu hukosa nafasi kwa nusu alama tu kwenye sehemu moja, huku zile nyingine akiwa amefanya vizuri.

Tuuchukue mtihani wa IELTS, ambao wauguzi wengi wa kwetu huufanya. Hati yake ya matokeo ina alama nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja hadi 9, kisha alama ya jumla. Ya jumla ndiyo inayotangazwa kwenye simu za nyumbani, na ndiyo inayodanganya.

Tuseme muuguzi wa Nakuru amepata 7.5 kusikiliza, 6.5 kusoma, 6.0 kuandika na 7.0 kuzungumza. Jumla ni 27. Gawanya kwa nne upate 6.75. IELTS hukadiria wastani hadi nusu iliyo karibu, na wastani unaoishia na .25 au .75 hupandishwa. Kwa hiyo hati yake itasema 7.0. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, linataka 7.0 ya jumla. Nyumbani watashangilia. Lakini baraza hilo hilo linataka pia 7.0 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Dada yetu amepungukiwa mara mbili, nusu kwenye kusoma na nusu kwenye kuandika.

Hatua ya kwanza basi ni kuchukua karatasi, kuandika alama inayotakiwa kando ya kila alama aliyopata, na kutazama tofauti. Ya pili ni kusoma kanuni za anayeipokea hati, maana huko ndiko mpango unakobadilika. NMC huruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi hakuna alama iliyo chini ya 6.5 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, wala chini ya 6.0 katika kuandika. Alama za muuguzi wetu zimegusa sakafu hiyo bila kuivunja. Akirudia, anachokihitaji hasa ni 7.0 ya kusoma na 6.5 ya kuandika. Kusikiliza na kuzungumza hata vikishuka hadi 6.5, vile vya mwanzo vitamsaidia. Anayejiandaa upya kwa sehemu zote nne kwa saa sawasawa anapoteza nusu ya muda wake.

Sasa hati inanyamaza. Haisemi kwa nini amepata 6.5 ya kusoma. Sehemu ya kusoma ina maswali 40 kwa saa moja, na kwa kawaida karibu 30 sahihi huleta 7.0, karibu 23 huleta 6.0. Hati haionyeshi idadi hiyo, kwa hiyo huenda alikosa swali moja tu au matatu. Jambo hili atalipima mwenyewe nyumbani. Achukue mtihani wa zamani alioununua dukani, afanye kwa saa moja kamili na kalamu ya bluu. Saa ikilia, aendelee kwa kalamu nyekundu bila haraka: amalizie yaliyobaki na kurekebisha anayoyatilia shaka. Kisha asahihishe kila rangi peke yake.

Tuseme ya bluu yamempa 28, na baada ya nyekundu amefika 35. Kiingereza anacho, kinachomshinda ni muda. Akitazama atakuta kifungu cha tatu kimejaa nyekundu, kwa sababu cha kwanza, kilicho chepesi, kilimla dakika 25. Dawa yake ni kukifunga kifungu cha kwanza kwa dakika 15, hata kama swali moja limebaki. Lakini kama nyekundu imempandisha hadi 29 tu, muda si kosa. Apange makosa yake kwa aina ya swali. Mara nyingi yatarundikana kwenye yale ya kuchagua kati ya kweli, si kweli na haijatajwa, ambako mtu wa hospitali hujibu kwa anachokijua kuhusu afya badala ya kilichoandikwa mbele yake. Hawa ni watu wawili wenye hati ileile, na mazoezi ya mmoja hayamfai mwingine.

Kuandika ni kazi nyingine. Kuna kazi mbili kwa saa moja, ya maneno 150 na ya maneno 250, na ya pili ina uzito maradufu. Mtahini hutoa alama kwa mambo manne: kujibu swali lilivyoulizwa, mtiririko, msamiati, na sarufi. Hati haionyeshi mgawanyo huo, ila kupanda kutoka 6.0 hadi 6.5 hakudai kubadilika kote. Aliyekuwa na 6 katika yote manne akipandisha mawili hadi 7, wastani wake ni 6.5. Kwa muuguzi ningeanza na kujibu swali. Swali likiuliza sababu na suluhisho, wengi huandika ukurasa mzima wa sababu na mstari mmoja wa suluhisho. La pili ni sarufi, na kipimo chake ni rahisi: mpe insha mtu anayekijua Kiingereza vizuri ahesabu sentensi zisizo na kosa lolote. Sentensi safi zinapaswa kuwa nyingi ili ufike 7. Anayezoea kuandika ripoti za zamu kwa vifupisho hugundua hapa kwamba viambishi vya wingi na nyakati vimempotea.

Je, akate rufaa? Kusahihishwa upya huombwa ndani ya wiki sita tangu siku ya mtihani, kwa ada inayorudishwa alama ikibadilika. Kwenye kuandika na kuzungumza, ambako binadamu ndiye anayeamua, ombi lina maana. Kwenye kusoma majibu yako wazi, sioni faida. Rufaa ikimpandishia kuandika, bado kusoma kutamzuia. Kuna pia utaratibu wa kurudia sehemu moja tu, kwa mtihani wa kompyuta na ndani ya siku 60, lakini haupatikani kila mahali, na ni lazima kwanza aulize kama anayeipokea hati anaukubali. Yeye ana mapengo mawili, hivyo peke yake haumtoshi.

Tarehe ya mtihani asiichukue kwa hasira ya siku ya matokeo. Akipata 32 au zaidi ya kusoma kwa kalamu ya bluu mara tatu mfululizo, hapo ana nafasi ya kupumua, maana 30 kamili ya nyumbani huweza kuwa 28 ya chumba cha mtihani. Mara moja kwa wiki asikilize jaribio zima, asije akashuka chini ya 6.5.

Na kama mara ya pili kusoma kutafika 7.0 huku kuandika kukibaki 6.0? Hati zinazounganishwa ni mbili tu. Basi hati ya kwanza huwekwa kando, na ya pili ndiyo itakayosubiri ya tatu, kama nayo ilifika sakafu kila sehemu, huku miezi 12 ikihesabiwa upya kuanzia tarehe yake.