Pima Kabla ya Kukata: Urefu na Uzito wa Chuma cha Geti

Duka la vyuma huuza skwea paipu kwa kipande, na mnunuzi wengi huuliza bei tu. Maswali mawili yenye faida zaidi ni haya: kipande kina urefu gani, na kina kilo ngapi?

Urefu uliozoeleka ni mita 6. Hata hivyo kuna vipande vya mita 5.8, vilivyokatwa hivyo ili viingie kwenye kontena la futi 20. Sentimita 20 zinaonekana ndogo hadi fundi aanze kukata.

Chukua geti la kusukuma pembeni lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2, fremu ikiwa ya skwea paipu ya milimita 50 kwa 50. Linahitaji paipu mbili za kulala za mita 4, moja juu na moja chini, na nguzo nne za kusimama katikati yake. Kila nguzo itakuwa mita 1.9, kwa sababu paipu za juu na chini zimeshachukua sentimita 10. Kwenye kipande cha mita 6, paipu ya kulala na nguzo moja hutoka pamoja, kwani jumla yake ni mita 5.9. Vipande vitatu vinamaliza fremu. Kwa mita 5.8 hesabu hiyo inavunjika: ukishakata mita 4, kinachobaki ni mita 1.8, pungufu kwa sentimita 10. Utanunua vipande vinne.

Uzito nao unafichua unene. Kipande cha mita 6 cha paipu hiyo, kikiwa kweli cha milimita 2, kina karibu kilo 17.7. Mizani ikisoma 13 na nusu, umeshika cha milimita 1.5, hata kama karatasi ya duka imeandika 2. Usipime unene kwenye mdomo uliokatwa, maana makali ya msumeno hujikunja na kuufanya uonekane mnene. Paipu nyembamba hutoboka haraka wakati wa kuchomelea.

Flati baa ni rahisi zaidi: zidisha upana kwa unene, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.00785, upate kilo za mita moja. Ya 30 kwa 4 inatoa kilo 0.94. Geti letu lina nafasi tatu kati ya nguzo. Ukisimamisha flati baa tisa katika kila moja, mapengo yanakuwa karibu sentimita 10. Hizo ni flati baa 27 za mita 1.9, yaani vipande 9 vya dukani na kilo 48 hivi.

Ukijumlisha kilo 46 za fremu, geti linafika karibu kilo 95. Ukiziba kwa bati la milimita 1.5 badala ya flati baa, bati peke yake lina kilo 94, na geti zima linafika 140. Mwambie fundi uzito huo kabla hajanunua magurudumu na reli.

Nenda dukani na tepu, na uombe kipande kimoja kiwekwe kwenye mizani kabla hujalipa.