Simu ndiyo inakuliza, ama uliishika ukiwa tayari na huzuni?

Tuseme uko kidato cha tatu, unakaa Kisauni, na shule zimefungwa. Saa saba usiku bado uko TikTok. Asubuhi hutaki kuongea na mtu, na mamako ashatoa hukumu: "Ni hiyo simu!"

Pengine amesema kweli. Lakini alichoona ni mambo mawili yanayotembea pamoja, simu nyingi na raha kidogo. Picha hiyo moja ina maelezo matatu. Huenda simu imekunyima raha. Huenda huzuni ilitangulia, ukakimbilia simu usahau. Ama kuna jambo la tatu lililoleta yote mawili, mathalan ugomvi wa wazazi chumba cha pili unaokunyima usingizi.

Wala usiseme, "Mbona bwenini sina simu na niko sawa?" Ukirudi nyumbani si simu pekee iliyobadilika. Marafiki wa bweni hawapo, na kengele ya kulala pia haipo.

Mwaka 2019, Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua majibu ya vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza. Katika tofauti zote za hali njema kati yao, matumizi ya teknolojia yalihusiana na asilimia 0.4 tu, tena kwa wingi wake. Kudhulumiwa na wenzao kulihusiana na huzuni kwa nguvu zaidi, na usingizi wa kutosha ulihusiana zaidi na hali njema. Ila tahadhari mbili: huo ni wastani, na wastani unaweza kumficha kijana mmoja anayeumia kweli. Pia, hakuna aliyehojiwa Likoni wala Changamwe.

Sasa wewe utajuaje? Jaribu hivi kwa siku 14. Kila jioni rusha sarafu. Ikianguka upande mmoja, simu inalala sebuleni. Upande wa pili, unalala nayo kama kawaida. Asubuhi, kabla hujaishika, andika alama ya hali yako, 1 hadi 10. Mwisho, linganisha wastani wa makundi hayo mawili.

Kwa nini sarafu? Kwa sababu ukichagua mwenyewe, utaiacha simu siku ambazo tayari una furaha, na utarudi palepale pa mama. Sarafu haijui kama nyumbani kuna ugomvi.

Tofauti ikiwa nusu alama, usiitangaze. Siku 14 ni chache, na bahati inaweza kuileta. Ikiwa alama mbili au tatu, rudia wiki mbili nyingine uone kama itajirudia. Ikijirudia, una ushahidi kukuhusu wewe, ambao hata Oxford hawana.

Ila ukiwa na mawazo ya kujidhuru, achana na sarafu. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, ama piga 116, laini ya bure ya Childline Kenya.