Hesabu Kwenye Ubao wa Drafti

Msomaji mmoja ameandika programu ya kukokotoa joto la bamba la chuma. Kila nukta ya gridi inapewa wastani wa jirani zake nne, na thamani mpya inatumika papo hapo, yaani kwa mbinu ya Gauss-Seidel. Alipozigawia prosesa kadhaa kazi hiyo, namba zikawa zinatofautiana kidogo kila anapoiendesha. Anauliza kosa liko wapi.

Kosa liko kwenye foleni. Ukienda safu kwa safu, kila nukta inangoja jirani wa juu na wa kushoto wamalize. Prosesa zikianza pamoja, moja husoma thamani ya zamani na nyingine mpya, kutegemea ipi imewahi.

Dawa ni kuzipaka nukta rangi kama ubao wa drafti: i + j ikiwa shufwa, nukta ni nyekundu; ikiwa witiri, nyeusi. Nyekundu haina jirani mwekundu, wala nyeusi mweusi. Basi nyekundu zote zinakokotolewa kwa mpigo mmoja, zinasubiriana, ndipo nyeusi zifuate. Katika gridi ya 1,000 kwa 1,000, nukta 500,000 zinaweza kwenda sambamba. Kwa mpangilio wa safu, ndani ya duru moja, zinazoweza kwenda pamoja ni za mshazari mmoja, zisizozidi 1,000.

Lakini je, tukivuruga foleni hatutachelewa kulifikia jibu? Hapa ndipo penye utamu. Chukua nukta nne: A na B juu, C na D chini. Ukingo wa juu una nyuzi 100, kingo nyingine sifuri, na nukta zote zinaanzia sifuri. Jibu sahihi ni 37.5 kwa A na B, 12.5 kwa C na D.

Kwa safu, duru ya kwanza inatoa A 25, B 31.25, C 6.25, D 9.375. Kwa rangi, A na D ndizo nyekundu: A inapata 25 na D inabaki 0, kisha B inapata 31.25 na C 6.25. Ni D pekee iliyoachwa nyuma. Sasa endelea: duru ya pili ya rangi inaanza kwa kuipa D 9.375, thamani ile ile iliyoipata kwa safu mwishoni mwa duru ya kwanza! A, B na C nazo zinalingana tena katika njia zote mbili. Hesabu ni zile zile, zimesogezwa tu kwenye saa. Na katika njia zote mbili, kuanzia duru ya pili, kosa linabaki robo kila duru.

David Young alithibitisha jambo hili kwa upana katika tasnifu yake ya Harvard ya mwaka 1950: kasi ya mwisho ya kulikaribia jibu haibadiliki. Ila wastani wako ukihusisha pia jirani wa pembeni kwa mshazari, wanane kwa jumla, rangi mbili hazitoshi. Utahitaji nne.