Damu ya hedhi ikizidi, vidonge pekee havitoshi

BUSIA. Mfanyabiashara wa dagaa mwenye umri wa miaka 41, anayevuka mpaka wa Busia mara tatu kwa wiki, alidhani uchovu wake ni wa kazi. Safari aliyokuwa akiimaliza kwa mkupuo mmoja sasa alipumzika njiani mara mbili, moyo ukimwenda mbio. Siku za hedhi alivaa pedi mbili pamoja na kuvuka mpaka amevaa sketi nyeusi.

Kwa zaidi ya mwaka alinunua vidonge vya kuongeza damu katika duka la dawa la upande wowote aliokuwapo. Alimeza wiki mbili, akapata nafuu, akaacha. Baada ya hedhi mbili alirudi palepale.

Mwenzake wa sokoni ndiye aliyemshtua, alipoona viganja vyake vimepauka. Kwa ngozi nyeusi, uso unaweza usionyeshe kitu. Weupe hutafutwa kwenye viganja, ulimi na ndani ya kope la chini. Dalili nyingine ni kizunguzungu, kuhema kwenye kilima na hamu ya kula udongo au barafu.

Kipimo cha damu kilisoma 7.8. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Mhudumu hakuishia kwenye vidonge. Alimuuliza kuhusu hedhi: ilikwenda siku tisa, pedi ikilowa kila baada ya saa moja au mbili, na mabonge makubwa yakitoka. Kila moja kati ya hayo linatosha kuitwa hedhi nzito.

Alipimwa ujauzito, kisha altrasaundi. Ilionekana fibroidi, uvimbe usio saratani, imechomoza ndani ya kizazi. Hapo ndipo damu ilipokuwa ikivuja. Vidonge vilijaza ndoo iliyotoboka.

Sasa anatibiwa vyote viwili: dawa ya kupunguza hedhi huku akisubiri uamuzi wa upasuaji, na kidonge cha madini ya chuma kila siku, mbali na chai na maziwa kwa kuwa huzuia madini hayo kuingia mwilini. Choo cheusi hakimtishi, kwani ni kidonge. Baada ya mwezi damu ilifika 9.6. Ikifika 12 ataendelea kumeza kwa takriban miezi mitatu zaidi ili akiba ijae.

Uchunguzi usicheleweshwe iwapo damu haipandi licha ya vidonge, inatoka katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, au hedhi imebadilika baada ya miaka 45. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma kabisa huchunguzwa hata ikiwa tone, kwa sababu saratani huweza kuanza hivyo. Anayezimia, anayehema akiwa amekaa, au anayelowesha pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo aende hospitali siku hiyohiyo.

Mama huyo sasa hubeba majibu yake ya vipimo pamoja na hati ya kusafiria, ili mhudumu wa upande wowote wa mpaka asianze upya.