Ndoto ya Boma Iwe na Hesabu

Kaeni pamoja, baba, mama na vijana, mtaje jambo moja mnalolitaka zaidi. Tuseme ni hili: binti asirudishwe nyumbani kwa karo, na mbuzi majike wanaozaa wasiuzwe.

Sasa lipeni hesabu. Karo ya mwaka ujao ni shilingi 45,000. Dume aliyehasiwa, akiwa amenona mwezi wa Juni baada ya mvua ndefu, tuseme huuzwa 9,000. Mtauza watano. Mkingoja Septemba, amekonda na soko limejaa, huenda akauzwa 4,500. Hapo mtauza kumi. Basi shabaha yenu ni madume watano kabla ya Juni kuisha, na fedha ya karo isichanganywe na ya unga.

Kagueni mwisho wa Juni, Septemba na Desemba. Hesabuni majike na fedha iliyobaki. Fedha ikipungua kwa 9,000, uzeni dume mwingine angali na mwili. Mvua zisiponyesha hadi katikati ya Aprili, msingoje Juni: uzeni mara moja.