Mali Kauli: Hapana Isiyofunga Daftari

Wauzaji wa jumla wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa mali kauli ni nini. Mteja anachukua mzigo leo, analipa akishauza. Ugumu unaanza siku anapoomba kiwango kiongezwe.

Tuseme mama mwenye duka Mbagala huchukua mchele, sukari na mafuta ya shilingi milioni moja kila Jumatatu, na kila mzigo aulipe ndani ya siku 14. Kikomo chake ni milioni mbili. Sasa anaomba nne, anasema biashara imekua.

Kabla ya kumjibu, fungua daftari. Akilipa kwa wakati, deni lake haliwezi kupita mizigo miwili, yaani milioni mbili, kikomo kinamtosha. Lakini daftari linaonyesha kwamba mzigo wa kwanza huulipa baada ya wiki nne. Kwa mwendo huo, akitaka mzigo kila Jumatatu atahitaji milioni nne. Kumbe hizo nne zinatokana na ucheleweshaji, maana mauzo ni yaleyale. Dalili nyingine ni malipo ya kupunguzapunguza: analeta laki mbili ili apewe mzigo mpya, huku mzigo wa zamani ukibaki haujamalizwa.

Hapa wengi husema “tutaona”. Jibu hilo ni baya kuliko kukataa, kwa sababu mama atarudi kila wiki kuuliza, au ataagiza akitegemea nyongeza ambayo haipo. Mwite pembeni, si mbele ya wateja wengine, umweleze wazi: “Mama, kwa sasa kikomo kinabaki milioni mbili. Mizigo yako inalipwa baada ya wiki nne, na tulikubaliana mbili. Ukitaka zaidi ya hapo, nakuuzia kwa taslimu. Mwisho wa mwezi wa tisa tukae tena na daftari. Kama kila mzigo umelipwa ndani ya siku 14, tutaliangalia upya.”

Angalia neno la mwisho. Kuangalia upya si kuahidi kuongeza, na mama asiondoke akidhani ameahidiwa. Tarehe nayo iandikwe palepale daftarini, na ikifika umwite wewe. Ukisubiri akukumbushe, ataona ulimpiga chenga tu.

Ile taslimu nayo iandikwe, ingawa si deni. Ndiyo itakayoonyesha kama biashara imekua kweli, maana hakuna anayetoa pesa mkononi kununua sukari isiyouzika. Tuseme miezi mitatu imepita, kila mzigo umelipwa ndani ya siku 14, na juu ya mzigo wake wa kawaida amekuwa akinunua kwa taslimu bidhaa za laki tano kila wiki. Mahitaji yake sasa ni milioni moja na nusu kwa wiki, mara wiki mbili. Kikomo kinachomfaa ni milioni tatu, si zile nne alizoomba.